Sketi ya Darasa la Kwanza: Akiba Iwekwe Kwenye Urefu

Desemba ikifika, vibaraza vya mafundi cherehani hujaa mafurushi ya tetroni ya bluu na nyeupe. Shule zinafunguliwa Januari, na mtoto wa miaka sita anayeingia darasa la kwanza anatakiwa awe na sare. Elimu bila malipo ilianza Tanzania mwaka 2016, lakini sare bado ni mzigo wa mzazi, na mzazi anataka mzigo huo aubebe mara chache iwezekanavyo. Ndiyo maana sentensi inayosikika zaidi kwenye vibaraza hivyo ni ile ile: "Fundi, mshonee kubwa kubwa, huyu anakua haraka."

Fundi husikia, huongeza sentimita nne huku na sita kule, na mtoto huenda shule na sketi inayomshuka kiunoni. Mama huikaza kwa pini. Mtoto akikimbia anaishika kwa mkono mmoja, akipiga magoti anakanyaga pindo, na mishono ya ubavuni huanza kuachia kabla muhula haujaisha. Nguo iliyokusudiwa kudumu miaka mitatu inachakaa katika mwaka ambao ilikuwa bado haimtoshi.

Mzazi hajakosea kutaka nafasi ya kukulia. Kosa liko mahali nafasi hiyo inapowekwa. Mtoto wa umri huu hakui sawasawa pande zote. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2007, msichana wa wastani ana kimo cha sentimita 115 akitimiza miaka sita, 121 akiwa na saba, 127 akiwa na nane na kama 132 akiwa na tisa. Yaani anarefuka karibu sentimita sita kila mwaka. Lakini majedwali ya vipimo wanayotumia washonaji wa nguo za watoto yanaonyesha kwamba kwa kila sentimita sita za kimo, kiuno huongezeka sentimita moja na nusu tu, na kifua sentimita mbili hivi. Mtoto huyu anapanda juu, hatanuki. Ukimshonea nguo kubwa pande zote, umempa upana ambao hatauhitaji mpaka nguo imekwisha kuchakaa.

Kwa hiyo kanuni ya kazi ni fupi: upana uwe wa leo, pamoja na nafasi ya kupumua na kucheza, na akiba iwekwe kwenye urefu, ikunjwe ndani, itolewe mahitaji yakifika. Kiuno kipewe njia ya kuachia kidogo kidogo. Nitaonyesha jambo hili kwa nguo moja, sketi ya shule yenye mikanda ya mabegani, ambayo wasichana wengi wadogo huvaa na ambayo fundi yeyote mwenye cherehani ya kawaida anaiweza.

Tumchukue mtoto wa miaka sita mwenye kimo cha sentimita 116. Kiuno chake ni 54, nyonga 62, na kutoka kiunoni hadi katikati ya goti ni kama 39. Sketi ya shule inatakiwa ifunike goti na kushuka kidogo, tuseme sentimita tano chini yake. Urefu wa kuvaa leo ni 44, bila kuhesabu mkanda wa kiuno.

Je, akiba iwe kiasi gani? Hapa mafundi wengi huzidisha, kwa sababu wanafikiri kimo chote kinachoongezeka kinaingia kwenye sketi. Sivyo. Katika zile sentimita sita za mwaka, nyingine zinakwenda kwenye kiwiliwili na nyingine chini ya goti. Kati ya kiuno na goti panaongezeka kama mbili tu. Sentimita sita za akiba zinamtosha mtoto huyu miaka mitatu, na tetroni inayofuliwa na kuvaliwa siku tano kwa wiki mara nyingi haifiki mbali zaidi ya hapo. Akiba ya sentimita kumi na tano ni uzito wa bure unaomgonga mtoto miguuni.

Hizo sita tuzigawe sehemu mbili. Nne ziingie kwenye mkunjo wa akiba, yaani kitambaa kinachokunjwa upande wa ndani kuzunguka sketi yote, juu kidogo ya pindo, na kushonwa kwa mshono mmoja wa kulala. Mkunjo wenye kina cha sentimita mbili unameza nne, kwa kuwa kitambaa kinakwenda na kurudi. Mbili zilizobaki ziingie kwenye pindo lenyewe: badala ya kukunja sentimita moja kisha mbili kama ilivyozoeleka, kunja moja kisha nne. Siku ya kulishusha utabakiza pindo la mbili na utapata nyongeza ya mbili.

Sasa jumlisha kutoka juu kwenda chini. Mshono wa kuunganisha na mkanda ni sentimita moja na nusu, urefu wa kuvaa 44, mkunjo nne, pindo tano. Kipande kinakatwa sentimita 54 na nusu. Sketi hiyo hiyo bila akiba ingekatwa 48 na nusu. Tofauti ni sentimita sita za kitambaa, chini ya sehemu ya kumi ya mita, na kwa bei yoyote ya tetroni hicho ni kiasi kidogo mno kuliko gharama ya sketi mpya.

Upana wa kitambaa tuuchukulie kuwa sentimita 150, ambao ndio upana wa tetroni nyingi za sare. Ukitoa moja na nusu kila upande kwa ajili ya mshono, mzunguko wa sketi unabaki 147. Katika hizo, 75 ziwe za mbele na 72 za nyuma. Mbele weka marinda tisa, kila rinda likimeza sentimita tano: 45 zinaondoka, zinabaki 30 bapa, safi, zinazoonekana vizuri. Nyuma usiweke marinda. Kusanya zile 72 kwa uzi mpaka zifike 40, na ndani ya mkanda wa upande huo ndimo itakamopita lastiki. Mkanda mzima wa kiuno unakuwa 70.

Namba hiyo ya 70 haikuchaguliwa ovyo. Nyonga ya mtoto leo ni 62, na akifika kimo cha 128 itakuwa karibu 68. Mkanda ukivutwa wote unapita nyongani leo na miaka miwili ijayo, hivyo sketi haihitaji zipu wala kishikizo. Zipu ndiyo kitu cha kwanza kuharibika kwenye nguo ya mtoto, na sketi isiyo na zipu imeondokewa na matengenezo hayo yote.

Mikanda ya mabegani inadanganya kidogo. Kutoka kiunoni hadi begani mtoto huyu ataongezeka sentimita tatu hivi katika miaka miwili, na fundi anaweza kudhani mkanda unahitaji akiba ya tatu. Lakini mkanda unapanda mbele na kushuka nyuma, kwa hiyo ukuaji wa kiwiliwili unauvuta mara mbili. Anahitaji sita, na ukiongeza mbili za kuweza kushika vifungo vizuri unapata nane. Mkanda unaokaribia 62 leo ukatwe 73, ukihesabu akiba na mishono, na upana wa tisa ili ukikunjwa na kushonwa ubaki kama tatu na nusu. Mikanda miwili ya 73 inaingia kwenye ukanda mmoja wa kitambaa chenye upana wa 150. Mkanda wa kiuno nao unakatwa 73 kwa tisa, na kipande kinachobaki pembeni yake kinatosha mfuko. Ukijumlisha yote, sentimita 72 na nusu za kitambaa zinatosha. Nunua 80, kwa sababu kitambaa bado hakijalowekwa.

Kuloweka ni hatua inayorukwa wakati wa foleni ya Desemba, na ndiyo inayokula akiba kabla mtoto hajaanza kukua. Tetroni yenye nyuzi nyingi za poliesta hurudi kidogo sana, lakini kaki ya pamba na drili zinaweza kurudi sentimita tatu hadi tano katika kila mita. Kwa kipande cha 54, hiyo ni karibu mbili au tatu, yaani ukuaji wa mwaka mzima. Kitambaa kilowekwe usiku mmoja, kianikwe kivulini bila kukamuliwa, kipigwe pasi kikiwa na unyevu, ndipo chaki iguse. Mtu akitaka kujua kitambaa alichouziwa kinarudi kiasi gani, akate kipande cha mraba chenye sentimita 20 kila upande, akifue kwa maji ya moto, kisha akipime tena.

Mpangilio wa kushona nao una sababu zake. Anza kwa kuunganisha mshono wa ubavuni, kisha pindo, kisha mkunjo wa akiba, piga pasi, ndipo upange marinda na kushona mkanda. Ukipanga marinda kwanza hutaweza tena kukunja pindo kuzunguka sketi bila kulazimisha kona za kila rinda. Mkunjo ushonwe kwa hatua ndefu za cherehani, milimita nne, ili siku ya kuufumua uzi utoke wenyewe ukivutwa. Mishono mingine yote ibaki kwenye hatua ya milimita mbili na nusu. Sindano iwe namba 90, si ile nene ya 110 ya kushonea jinzi, kwa sababu matundu ya sindano nene hubaki yakionekana mstari mzima baada ya kufumua.

Kuna sharti moja ambalo likivunjwa mpango wote unaharibika: kitambaa lazima kiwe kimekatwa mraba, kingo zikiwa zimenyooka. Sketi iliyokatwa kwa kupanuka kuelekea chini, ile ya umbo la mwavuli, haikubali pindo pana. Ukingo wake wa chini ni mrefu kuliko mahali unapokunjwa kwenda kushonwa, kwa hiyo kitambaa cha ziada hufanya vijikunjo na pindo hukaa kama limesokotwa. Sketi ya namna hiyo ibaki na pindo la mbili, na akiba yake itafutwe kiunoni. Kwenye kaptula na suruali tatizo ni kinyume chake. Mguu ukipungua kuelekea chini, pindo likikunjwa juu linakuwa jembamba kuliko mahali linapotua, nalo hubana na kuvuta. Dawa yake ni kukunja karatasi ya kiolezo kwenye mstari wa pindo kabla ya kukata, ili sehemu ya chini ikatwe ikifuata umbo la mguu ulio juu yake. Au sentimita kumi na tano za mwisho za mguu ziachwe zimenyooka tu, jambo ambalo kwa suruali ya shule halimkeri mtu.

Mwaka na nusu ukipita, mkunjo unafumuliwa na mstari unabaki. Mara nyingi mistari hiyo ni miwili iliyochanganyika. Mmoja ni alama ya pasi, kitambaa kikiwa kimezoea kukunjika pale. Huo hutoka: changanya siki kijiko kimoja kwa maji vijiko viwili, lowesha kitambaa cheupe, kikamue, kilaze juu ya mstari na ukandamize pasi. Jaribu kwanza upande wa ndani, na pasi isiwe kali, maana tetroni ikiungua hung'aa na mng'ao huo hauondoki. Mstari wa pili ni wa kupauka. Jua na sabuni vimefifisha bluu ya nje, na ile iliyokuwa imejificha imebaki kama ilivyotoka dukani. Huo hautoki kwa siki wala kwa pasi. Njia ya uhakika ni kuuzuia tangu siku ya kwanza kwa kuanika sketi ikiwa imegeuzwa ndani nje, kivulini. Mstari ukishatokea, mafundi wazuri hupitisha safu mbili za mshono wa rangi ile ile juu yake, na macho yakaona pambo.

Lastiki ya mgongoni nayo inahitaji mpango. Ipo lastiki yenye matundu ya vifungo, upana wa sentimita mbili, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji mijini. Kata 32, ipitishe ndani ya mkanda wa nyuma, na kila ncha itokee kwenye tundu dogo upande wa ndani, karibu na ubavu, ikutane na kifungo bapa kilichoshonwa hapo. Kiuno cha leo ni 54, na 30 ni za mbele bapa, kwa hiyo lastiki ifungwe ikiwa kati ya 23 na 24. Miaka miwili baadaye itakuwa 27. Mzazi anaihamisha tundu moja moja nyumbani bila kurudi kwa fundi. Ikikosekana lastiki ya matundu, tumia ya kawaida: ncha zake zipandane kwa sentimita tano na kushonwa, na mshono wa mkanda uachwe wazi sentimita tatu upande wa ndani, ufungwe kwa mkono. Siku ya kuilegeza, fumua hapo tu. Ikikaa vizuri, vidole viwili vinapita kati ya mkanda na ngozi bila kusukuma. Jioni mtoto akivua sketi, kiuno kisiwe na mstari uliozama. Kwa kuwa mikanda ya mabegani ndiyo inayobeba uzito, lastiki haina sababu ya kubana.

Mikanda yenyewe ipishane mgongoni kama herufi X, la sivyo inateleza mabegani mtoto akiinama. Nyuma ishonwe moja kwa moja ndani ya mkanda wa kiuno. Mbele ndiko kwenye vifungo, ili mtoto aone anachokifanya. Kila mkanda uwe na matundu mawili au matatu yaliyoachana sentimita tatu, na ncha inayobaki iingie ndani ya kiuno. Isining'inie nje.

Ncha inayoning'inia ni hatari. Mwaka 1996, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo wa kuondoa kamba za kukaza kofia na shingo kwenye nguo za watoto, na kufupisha zile za kiunoni na kwenye pindo la chini zisizidi milimita 75 nje ya nguo. Watoto walikuwa wamekufa kwa kunaswa kamba hizo kwenye vifaa vya kuteleza vya viwanja vya michezo na kwenye milango ya mabasi ya shule. Nchi za Ulaya nazo zina kiwango chao, EN 14682, kinachokataza kamba shingoni na kwenye kofia za nguo za watoto walio chini ya miaka saba. Kwetu mitego iko mingi: mlango wa daladala, gurudumu la baiskeli, mnyororo wa bodaboda mtoto akiwa amepakiwa nyuma. Mkanda wa gauni unaofungwa fundo mgongoni, wenye ncha za sentimita 40 kila upande, ni mrefu kuliko umbali kutoka kiuno cha mtoto aliyekaa hadi kwenye gurudumu. Kama gauni la shule lazima liwe na mkanda, ushonwe bapa ubavuni na ufungwe kwa kifungo.

Wasichana wa shule za pwani na Visiwani wanaovaa ushungi wanastahili uangalifu huo huo. Kwa mtoto mdogo, ushungi ulioshonwa tayari, wa kuvaa kwa kupitisha kichwa, wenye lastiki laini usoni, ni bora mara nyingi kuliko mtandio unaokazwa kwa pini kidevuni. Pini hufunguka katika mchezo, na mtoto mwenye pini mara nyingi huishika kwa meno anapojipanga upya.

Vifungo ndivyo vinavyobaki, na hapo naona uzembe mwingi. Kifungo cha mtoto wa darasa la kwanza kiwe bapa, cha matundu manne, chenye upana wa milimita 18 hadi 20. Kidogo zaidi ya hapo vidole vya miaka sita vinahangaika, na mtoto aliyebanwa na haja hana muda wa kuhangaika. Viwanda vingi vinavyouza nguo za watoto Ulaya hupima kifungo kwa kukivuta kwa nguvu ya niutoni 90, karibu sawa na uzito wa kilo tisa, kwa sekunde kumi. Kifungo kilichong'oka kinaweza kuishia kwenye koo, hasa nguo ikirithiwa na mdogo wake. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu ningeacha vifungo kabisa na kutumia shingo inayopishana begani pamoja na lastiki.

Fundi anaweza kupima bila mashine. Funga uzi wa nailoni chini ya kifungo, tundika ndoo yenye maji lita nane, nyanyua sketi kwa kuishika karibu na kifungo, hesabu hadi kumi. Kilichoshonwa vizuri hakitikisiki. Kilichoshonwa kwa haraka huanza kwa kuchungulia, uzi ukionekana kati yake na kitambaa, kisha huachia. Vifungo vilivyowekwa na mashine ya mshono wa mnyororo ni vya kutiliwa shaka zaidi, kwa kuwa ncha moja ikivutwa mshono wote hufumuka. Utaujua kwa kugeuza nguo: upande wa ndani uzi unaonekana kama vipete vilivyoshikana.

Kwa mkono, tumia uzi wa poliesta uliokunjwa mara mbili. Ndani ya mkanda weka kipande cha kitambaa au kifungo kingine kidogo bapa cha kubebea, maana mara nyingi kinachochanika ni kitambaa, uzi ukiwa mzima. Laza njiti ya kiberiti juu ya kifungo, shona ukipita juu ya njiti mara nne kwa kila jozi ya matundu, kisha itoe. Kifungo kinapata nafasi ya unene wa kitambaa. Zungusha uzi chini yake mara tano au sita, ufanye kama shina, maliza kwa mafundo mawili upande wa ndani na uifiche ncha. Kazi hiyo haizidi dakika tatu kwa kifungo, na sketi hii ina vinne tu, viwili vya mikanda na viwili vya lastiki.

Kuhusu uimara wa sehemu nyingine sina mengi ya kusema. Pembe za mfuko ziimarishwe kwa mshono wa kurudia mara tatu. Mshono wa ubavu uachwe na sentimita moja na nusu kila upande, kingo zipigwe ovaloki kila moja peke yake ili mshono ufunguke kwa pasi. Kwenye kaptula ya mvulana, mshono wa makalio ushonwe mara mbili, na katikati ya nyuma paachwe sentimita mbili na nusu kila upande kama kwenye suruali za watu wazima. Hapo ndipo kaptula inapopanuliwa bila kugusa mfuko wala ubavu. Kama lazima iwe na zipu, iwe na ulimi wa kitambaa nyuma yake wa kuikinga ngozi. Kwa wa darasa la kwanza lastiki inatosha. Shati nalo linaweza kuwa kubwa kwa saizi moja bila madhara, ila kola ipimwe shingo ya leo, kwa sababu shingo ya mtoto huongezeka polepole na kola iliyolegea huvuta shati lote kwenda mgongoni.

Mpango huu una mipaka yake. Haumfai msichana aliyekaribia kuvunja ungo, maana kuanzia miaka kumi hivi nyonga na kifua huanza kwenda kwa kasi yao, na akiba ya urefu peke yake haitoshi. Kitambaa hafifu, kinachochakaa kabla ya mwaka, hakistahili mkunjo hata mmoja. Hapo fedha ziende kwenye kitambaa kizito zaidi. Na mtoto aliyeugua kisha akapona anaweza kuongezeka mwili kwa miezi michache kuliko jedwali lolote linavyotabiri, ndiyo maana lastiki imepewa matundu hadi sentimita 28 ingawa hesabu ilidai 27.

Mzazi, unapokwenda kuchukua sare mwezi huu, mpeleke mtoto mwenyewe. Avae bila kusaidiwa, ainame, achuchumae, apige magoti, kisha avue peke yake. Halafu geuza sketi ndani nje mbele ya fundi. Tafuta mkunjo juu ya pindo, pima pindo lenyewe kama linafika sentimita nne, angalia kama lastiki ina pa kuachia, vuta kila kifungo kwa nguvu. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, mrudishie fundi akirekebishe kabla hujamaliza kulipa.